Mwandikie Yule Ambaye Hakuwepo

Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya feri Likoni simu ikalia. Namba siijui. Sauti ya mama mtu mzima: "Wewe ndiye binti wa maji moto?" Nikasema ndiye, maana kazi yangu ni kuuza mitambo ya sola ya kupasha maji. "Karatasi yako ninayo hapa. Umeandika maji ya kisima chetu hayatapita kwenye paneli kwa sababu ya chumvi. Sasa yatakayopita ni yapi?"

Nikamweleza papo hapo, honi zinapigwa na wachuuzi wa korosho wanagonga dirisha, kwamba ndani ya paneli huzunguka maji safi yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, yanapashwa na jua, kisha yanapita kwenye koili iliyo ndani ya tangi na kuyapasha maji ya kisima bila kuchanganyika nayo. Akasema, "Haya mwanangu, nimefahamu." Ijumaa oda ikaja pamoja na malipo ya kwanza.

Mama yule sijapata kumwona hata siku moja. Ndiye mwenye nyumba za wageni kule Bamburi, lakini niliowaonyesha slaidi ni mwanawe na mhasibu. Kilichofika mezani kwake ni ukurasa mmoja niliowatumia jioni ile ile. Najisifu, nivumilieni, maana somo hili nililipia.

Miaka miwili nyuma nilienda kwenye hoteli moja ya vyumba 40 upande wa Nyali. Slaidi 34, projekta ya kuazima, blauzi mpya. Walikuwepo meneja, mhasibu na fundi wao wa umeme. Mwenye hoteli alikuwa Malindi. Niliongea saa nzima, wakacheka nilipotaka wacheke, na meneja akanisindikiza mpaka getini. Nikarudi ofisini Tudor nikawatumia faili zima la slaidi, na juu yake maneno mawili matatu ya kushukuru. Nikajua kazi nimepata.

Wiki tatu kimya. Nilipompigia meneja akaniambia kwa upole, ambao uliniuma kuliko matusi, kwamba mzee alifungua faili kwenye simu, akaona picha za mapaa ya watu wengine, akafika kwenye bei ya shilingi 2,100,000 na kusimama hapo. Tena kuna jambo lilimkera: slaidi ilisema pesa zitarudi kwa miezi 25, mhasibu wake akamwambia miezi 42. "Mzee aliuliza, huyu dada anasema lipi?"

Yote mawili niliyasema mimi. Ngoja niwafungulie hesabu, kwa sababu kosa limejificha humo. Nilikadiria lita 100 za maji moto kwa kila chumba kwa siku, vyumba 40, yaani lita 4,000. Kuyatoa nyuzi 25 mpaka 55 kunakula kama uniti 140 za stima. Kwa shilingi 25 kila uniti, ni kama 105,000 kwa mwezi. Nikakadiria sola itabeba asilimia 80 ya hiyo, yaani 84,000. Gawanya bei kwa hiyo, unapata miezi 25. Sasa mhasibu, bwana mkimya aliyekaa pembeni, akauliza: "Na Mei, wageni wanapokuwa hawapo?" Nikapiga hesabu upya mbele yao kwa vyumba kujaa asilimia 60 kwa wastani wa mwaka: akiba inashuka mpaka kama 50,000 kwa mwezi, na pesa zinarudi kwa miezi 42. Walitikisa kichwa wakaridhika. Kisha nikaenda nyumbani nikawatumia slaidi zile zile zenye 25.

Ndiyo maana siku hizi ukurasa wangu siuandiki kabla ya mkutano. Wengi huuandaa mapema, wakishuka ngazi tayari wameutuma, wanaona ni wepesi. Huo ni muhtasari wa ulichopanga kusema. Mteja anahitaji kilichokubaliwa mle chumbani, na namba iliyosahihishwa kwa mdomo lazima isahihishwe kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Lau ningeandikia hoteli ile leo, ningeanza hivi, bila salamu ndefu wala historia ya kampuni:

"Maji moto ya vyumba 40 mnayapata kwa hita za umeme. Vyumba vikijaa asilimia 60 kwa wastani wa mwaka, kiwango alichotuongoza mhasibu wenu, yanawagharimu takriban shilingi 63,000 kwa mwezi. Sola itaondoa kama 50,000. Siku za mawingu hita zenu zitasaidia. Gharama ni 2,100,000, nayo inarudi kwa miezi 42. Slaidi yetu ilionyesha 25 kwa sababu ilichukulia vyumba vimejaa mwaka mzima. Tumieni hii."

Angalieni bei ilipokaa: katikati ya akiba na muda wa kurudi. Mzee akisimama pale, macho yake yanaangukia pande zote mbili. Na sharti la asilimia 60 liko mstari wa juu tu, halijafichwa chini kwa maandishi ya sisimizi.

Baada ya hapo naweka swali moja lililowashughulisha zaidi mle chumbani, kwa maneno yao wenyewe, na jibu lake. Kwa Bamburi lilikuwa chumvi, maana mwanawe alinionyesha kichwa cha bomba la kuogea kilichoziba kwa ukoko mweupe kama wa ndani ya birika. Nikaandika "ukoko wa bafuni". Mamake alijua mara moja ninazungumzia nini.

Kisha yasiyokuwemo kwenye bei. Hapa watu huona haya. Mimi huandika wazi: bei haina kuimarisha paa, wala kubadilisha bomba kuukuu. Tangi la lita 2,000 likijaa, maji peke yake ni tani 2. Mwenye jengo akilijua hilo baada ya kusaini, urafiki umekwisha.

Mwisho naomba jambo moja dogo lenye siku yake. Sisemi "tunasubiri jibu lenu". Nasema: "Turuhusuni Jumanne saa tatu asubuhi tupande paani kukagua zege." Hilo hata meneja anaweza kulikubali bila kumsubiri mwenye mali, na ukishapanda paani umeshaingia kazini nusu.

Basi. Upande mmoja wa A4, PDF, nautuma kwa barua pepe na kwa WhatsApp pia, faili lina jina linaloeleweka kama `Maji-moto-Bamburi-muhtasari.pdf`, si `Final2.pdf`. Kabla ya kutuma naufungua kwenye simu yangu, kisha nampa dada yangu, ambaye ni mshonaji na hana habari na sola. Nikimnyang'anya baada ya dakika moja nataka aniambie ni shilingi ngapi, inarudi lini, na ninaomba nini. Akikwama, narudi kuandika. Jamani, acheni kuwaandikia mliokaa nao! Hao wameshasikia. Mwandikie asiyekuwepo, huyo ndiye mwenye kalamu ya hundi.

Hoteli ile ya Nyali walimpa mtu mwingine. Mimi hupita pale kila wiki kwenye matatu na matangi yake nayaona juu ya paa, yanameta. Paneli zake nilizitambua mara moja: ni za kupitisha maji ya kisima moja kwa moja. Juzi meneja amenitumia ujumbe kuuliza kama tunasafisha ukoko.