Hodi ya usiku bila sauti

"Kwenye filamu yangu fupi kuna mtu anabisha hodi usiku. Mtazamaji kiziwi atajuaje? Niweke maandishi tu?"

Weka, [mlango unagongwa kwa nguvu], ila yatokee pamoja na kishindo, yasitangulie yakamaliza uhondo. Halafu usiyaachie kazi yote. Andika kwenye skripti: komeo linatikisika, mama anageuza shingo, mkono wenye kijiko unaganda hewani. Hapo hata asiyejua kusoma kashtuka.

Kuna wanaosema mkalimani wa lugha ya alama pembeni mwa skrini anatosha; wamepatia nusu. Macho hayafuati mikono yake na uso wa mama kwa pamoja, kwa hiyo mama ashtuke kwanza, ndipo aseme "Nani?" Wahusika wakiongea kwa alama, mpiga picha asiiache mikono nje ya picha, na maandishi yasiifunike.