Kupoza maziwa: mikondo iende pamoja au ipishane?

*"Wakuu, nataka kupoza maziwa kilo 2,000 kwa saa kutoka nyuzi 34 hadi 14, kwa maji ya chila ya nyuzi 4, bomba ndani ya bomba. Fundi anasema maji na maziwa yakienda upande mmoja au yakipishana ni yale yale. Kweli? Na eneo la bomba linapatikanaje?"*

Mkuu, si yale yale. Tupige hesabu uone.

Anza na mzigo wa joto, maana huo haujali bomba limefungwaje. Kilo 2,000 kwa saa ni kilo 0.556 kwa sekunde. Kila kilo ya maziwa hubeba takriban kJ 3.9 kwa kila nyuzi, na unashusha nyuzi 20, kwa hiyo Q = 0.556 × 3.9 × 20, karibu kW 43.3. Tuseme maji yatoke na nyuzi 12. Hapo utahitaji kilo 1.29 za maji kwa sekunde.

Eneo linatokana na fomula hii:

```
A = Q / (U × LMTD)
LMTD = (D1 − D2) / ln(D1 / D2)
```

A ni eneo la ukuta wa bomba, Q ni ule mzigo wa joto, na U ni kipimo cha jinsi joto linavyopita kirahisi kwenye ukuta huo. D1 na D2 ni tofauti ya joto kati ya maziwa na maji kwenye ncha mbili za kipozeo, na LMTD ni wastani wa tofauti hizo unaopigwa kwa logi. Wastani wa kawaida haufai, kwa sababu pengo hilo halipungui kwa mstari ulionyooka: pale lilipo kubwa joto hukimbia haraka, kisha hupungua kasi kadiri pengo linavyobana.

Mikondo ikienda pamoja, ncha moja ina 34 dhidi ya 4, yaani 30, na nyingine 14 dhidi ya 12, yaani 2. LMTD ni 28 / ln 15 = 10.3. Ikipishana, maziwa ya 34 yanakutana na maji yanayotoka na 12 (pengo 22), na maziwa ya 14 yanakutana na maji mapya ya 4 (pengo 10). LMTD ni 12 / ln 2.2 = 15.2.

Kwa bomba la namna hii nichukue U = W 1,000 kwa m² kwa nyuzi. Mikondo ya pamoja inadai m² 4.2, ya kupishana m² 2.85. Kazi ni ileile, maji ni yaleyale, ila umenunua karibu nusu zaidi ya chuma cha pua. Na bei ya chuma cha pua unaijua.

Fundi wako amedanganywa na jambo moja. Chukua kipozeo cha m² 2.85 ukifunge vibaya, maziwa yatatoka na nyuzi kama 16 badala ya 14. Mtu anaona "kinapoza", anaondoka. Nimekikuta kituo kimoja cha kukusanya maziwa katika hali hiyo: lawama zote alibebeshwa chila, wakati mipira ya maji ilikuwa imeunganishwa kinyume. Tena mikondo ikienda pamoja, kwa maji hayo huwezi kushuka chini ya nyuzi 12.6 hata ukiongeza bomba hadi barabarani, kwa sababu hapo maji na maziwa yanakuwa na joto sawa na hakuna kinachohama tena.

Sasa, utamu wa kupishana ni kwamba maji yanaweza kutoka yakiwa na joto kuliko maziwa yanayotoka. Yaache yatoke na nyuzi 20: unatumia nusu tu ya maji, mapengo yanakuwa 14 na 10, LMTD 11.9, eneo m² 3.64. Bado ni dogo kuliko lile la mikondo ya pamoja lenye maji maradufu!

Lakini usikimbilie kununua. Hesabu hiyo imeshikilia U palepale, na ukipunguza maji nusu, kasi yake inashuka na uwezo wake wa kupokea joto unaporomoka. Kama upinzani wa joto ulikuwa sawa upande wa maji na wa maziwa, U itashuka hadi kama 730, na eneo linapanda hadi m² 5. Dawa yake ni kuchagua bomba la nje lenye kipenyo kidogo zaidi, maji yaendelee kukimbia, ila pampu itasukuma kwa nguvu zaidi.

Ongeza kidogo kwa ajili ya utando wa maziwa unaojishika ukutani. Siku ya kuwasha, pima joto sehemu nne: maziwa kuingia na kutoka, maji kuingia na kutoka. Ukifumba valvu ya maji kidogo kidogo, maji yakatoka na joto kuliko maziwa yanayotoka, basi mikondo inapishana. Yakikataa kabisa kuyapita hata ukiendelea kufumba, fungua mipira ya maji, badilisha ncha.