Mteja akikosea namba ya siri, chati haifiki mwisho

"Chati mtiririko yangu ya ATM inazuia kadi J, yaani idadi ya majaribio yaliyokosewa, ikifika 3, lakini haifiki mwisho. Mteja akikosea, mshale unarudi kwenye J = 0."

Ndugu, ifuate kwa penseli ukitumia namba isiyo sahihi, ukiandika J kila hatua. Utapata 0, 1, kisha tena 0, 1. Hesabu inafutwa kila mzunguko, kwa hiyo 3 haiji kamwe. Urudishe mshale huo chini ya J = 0, kwenye kisanduku cha kuuliza namba.

Halafu hesabu mishale inayotoka. Almasi ya uamuzi, "J = 3?", lazima iwe na miwili, Ndiyo na Hapana, wengi husahau Hapana. Na "Zuia kadi" iwe na mmoja kwenda Mwisho, la sivyo njia inakatikia hapo.