Kusoma meseji ya WhatsApp bila tiki kugeuka bluu

"Wakuu, nasomaje meseji WhatsApp bila aliyetuma kuona tiki za bluu? Nikiwasha airplane mode zinakaa kijivu, ila baadaye naambiwa zimegeuka."

Mkuu, airplane mode haifuti taarifa ya kusoma, inaichelewesha tu. Ukifungua chati, WhatsApp inaweka kumbukumbu ndani ya simu kwamba meseji imesomwa, kisha inasubiri mtandao ili ipeleke habari hiyo. Tuseme mwenye nyumba kakuandikia saa mbili usiku kuhusu kodi. Ukazima mtandao, ukasoma, ukafunga app kabisa, ukarudisha data saa nne. WhatsApp ikishaunganishwa tu, tiki zake zinageuka bluu. Kwa hiyo njia hii inakufaa kama unataka muda wa kupanga jibu, si kama unataka asijue kabisa.

Hata huo muda unaweza kuukosa. Simu nyingi zinaacha Wi-Fi ikiwaka ndani ya airplane mode kama uliwahi kuiwasha ukiwa humo, basi hakikisha alama yake haipo juu ya skrini kabla hujafungua chati. Pia meseji iwe imeshaingia kwenye simu. Kama kwake bado ni tiki moja, hakuna cha kusoma. Picha ambayo haijapakuliwa utaiona ukungu tu.

Kama hutaki tiki zigeuke, soma kwenye notifikesheni. Kwenye Android vuta pazia la juu, kisha ishushe notifikesheni yenyewe kwa kidole ili maandishi yatanuke. Usiiguse katikati, maana chati itafunguka. Usibonyeze "Mark as read", wala usijibu kutoka hapo: vyote viwili vinahesabika kuwa umesoma. Udhaifu wake ni meseji ndefu, kwa kuwa inakatwa, na mara nyingi jambo lenyewe liko mwishoni. Kuna pia wanaotuma "Habari" kwanza kisha meseji sita. Kwenye orodha ya chati utaona mwanzo wa ile ya mwisho tu.

Wenye iPhone wana nafuu. Shikilia jina la mtu kwenye orodha ya chati bila kuachia, na dirisha dogo litaonyesha meseji za mwisho, tiki zikibaki kijivu. Kisha gusa pembeni ili ufunge. Ukigusa dirisha lenyewe umeingia kwenye chati. Android ukishikilia hivyo unachagua chati tu.

Kama jambo hili unalihitaji kila siku, mimi ningezima kabisa: Settings > Privacy > Read receipts. Gharama yake ni kwamba na wewe hutaona tiki za bluu za wengine. Kwenye magrupu haisaidii, huko tiki zinaendelea kama kawaida. Sauti nazo zinakutoboa: ukicheza rekodi, alama ya maiki kwa aliyetuma inageuka bluu hata kama umezima.