Soma ubavu wa tairi kabla ya kutaja bei

"Nataka kununua tairi iliyotumika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Nitajuaje kwamba siuziwi kuukuu iliyopakwa rangi?"

Dada, acha bei kwanza, utafute ubavuni tarakimu nne zinazomalizia msimbo unaoanza na herufi DOT; zinaonyesha wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Mara nyingi huchapishwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, geuza tairi. Mazungumzo yako yanaweza kwenda hivi:

— Hii ni 3,500, mama. Tazama meno yake.

— Meno nimeyaona, kijana wangu, lakini hapa pameandikwa 3816, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2016.

— Ilikaa stoo, haikutembea.

— Mpira huzeeka hata stoo. Hebu tufute hii rangi, kisha tuukunje ubavu kidogo. Unaziona nyufa?

— Basi chukua hii ya 1422.

— Ni changa, ila ubavu umevimba hapa. Nyuzi za ndani zimekatika.

— Nikuachie kwa 2,000?

— Hata bure siichukui, kwa sababu uvimbe huo hauzibiki na unaweza kupasuka garini. Ile ya 0922 ni safi nje na ndani, nitakupa 2,600.

— Ongeza mia mbili, na kuifunga ni juu yangu.

— Sawa.

Usichanganye uvimbe na kibonyeo chembamba kinachoingia ndani, ambacho kwa kawaida ni maungio ya nyuzi tu. Muuzaji mwaminifu atakueleza hivyo, na hapo atakuwa anasema kweli.