Mtoto mfupi, usikimbilie kusema "ukoo wao ndivyo walivyo"

Nyie mnaoanza kazi ya lishe kwenye kliniki zetu za Dar, hii kauli mtaisikia sana. Mama wa Mbagala analeta mtoto wa kiume miezi 24, mnamsimamisha kwenye ubao anasoma sentimita 79, mama anasema "babake mwenyewe mfupi, atarefuka vipi?" Fungua jedwali la WHO: wa kiume wa umri huo akisimama, wa katikati ana 87.1, na chini ya 81.0 ndo tunaita udumavu. Huyu keshaingia.

Sasa jeni zipo kweli. Ukichukua watu waliokulia hali inayofanana, tofauti zao nyingi za urefu zinatoka kwa wazazi, na kuna jamii kama Wambuti wa Kongo ambao ufupi wao kwa sehemu kubwa ni wa damu. Lakini hiyo haikuambii kwa nini jamii moja imeizidi nyingine. Hayo majedwali WHO iliyatengeneza kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa vizuri, na urefu wao ukakaribiana sana, yani Mghana na Mnorwei wadogo walikuwa wanakua karibu sawa. Na wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa 1996 wanawazidi wa 1896 kwa kama sentimita 20, jeni hazibadiliki hivyo kwa miaka mia.

Kinachowachanganya wengi ni Iringa na Njombe. Mahindi kibao, viazi, maharage, ila utafiti wa 2022 ulikuta nusu na zaidi ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, Dar ni chini ya robo. Kushiba siyo lishe jamani, uji mtupu wa mahindi unajaza tumbo ila protini nzuri na zinki ni kidogo, na mama yuko shamba mtoto anakula mara mbili.

Halafu ugonjwa. Mtoto akihara hamu inapotea, chakula kinapita tu, mwili unapeleka nguvu kwenye kupigana na ugonjwa, mfupa unasubiri, sasa ikijirudia kila mwezi hapati muda wa kufidia. Ila msidhani choo na sabuni vinatosha: majaribio makubwa ya Kenya, Bangladesh na Zimbabwe yaliona hayo peke yake hayaongezi urefu, virutubisho viliongeza kidogo tu. Mimi naona uchafu ni mwingi kuliko choo kimoja kinavyoweza kuuzuia, kuku na mtoto wanashea uwanja.

Kwa hiyo babake kuwa mfupi siyo ushahidi, na yeye huenda alidumaa. Muulize mama jana kala nini kwa kila mlo, kaharisha mara ngapi miezi hii mitatu, alizaliwa na kilo ngapi. Na fungua kadi uangalie vipimo vya nyuma kama vipo: aliyezaliwa na urefu wa kawaida akaanza kubaki nyuma kuanzia mwezi wa sita, hapo uji ulipoanza, huyo tafuta kwenye bakuli na maji kabla ya kwenda kwa babu zake.