"Brayo amechoma": neno moja lililoniharibia sehemu nzima

Wiki iliyopita nilimkalisha mama mkwe mbele ya runinga tutazame sehemu ya nne ya mchezo wangu wa vijana. Sifichi, nilitaka sifa. Dakika ya tatu, dada mtu anaingia jikoni na kumwambia mama yake, "Brayo amechoma kazini." Mama anashika kichwa, analia. Mama mkwe akaguta, "Mungu wangu!" Nikajua nimempata.

Sehemu ilipokwisha akanigeukia. "Kwani huyo kijana polisi hawamshiki? Na hiyo ofisi iliyoungua?"

Hakuna ofisi iliyoungua. Kwa Sheng ya Nairobi, kuchoma ni kuvuruga mambo, kujiaibisha. Brayo alichelewa mara ya tatu, akafutwa. Mama mkwe alikuwa ametazama mchezo mwingine kabisa, wa moto na polisi, na nahisi ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Iliniuma kwa sababu nilijiona nimeshahitimu. Miaka miwili nyuma kituo kimoja kilinirudishia mswada kikisema wazazi hawataelewa. Nikafuta Sheng yote. Vijana walipoutazama wakauliza kama waigizaji wanasoma taarifa ya habari. Tangu hapo nikawa mwangalifu na maneno kama mbogi, yaani kundi la marafiki, na keja, nikayapunguza, nikayawekea maelezo. Kumbe nilikuwa nalinda mlango usio na mwizi.

Mzee akisikia "keja" anajua hajui. Anatega sikio, anamwona kijana akitafuta funguo, anaelewa ni nyumba. Hatari iko kwenye neno analodhani analijua. Kudunga kwake ni sindano, kwa kijana ni kuvaa. Kuchorea kwake ni penseli na karatasi, kwa kijana ni kumpuuza mtu. Mbao ni za seremala, na pia ni shilingi 20. Hapo hakwami ili aulize. Anaendelea mbele kwa ujasiri, akielekea kwingine.

Kwa hiyo sasa nikimaliza mswada natafuta kwanza maneno yenye sura mbili, hasa yale yanayobeba tukio. La mzaha tu naliacha lipite.

Sentensi ya Brayo niliitengeneza mara tatu. Kwanza niliandika, "Brayo amechoma, yaani amekosea." Hakuna kijana aongeaye hivyo, ni mwandishi anachungulia dirishani. Nikajaribu, "Brayo amechoma. Ameingia saa nne tena, bosi amemwambia asirudi." Hapa mzee anapata habari kutoka sentensi ya pili, na kijana hahisi anafundishwa. Lakini kwa sekunde mbili moto bado umewaka kichwani mwa mzee. Dawa niliipata onyesho la kwanza kabisa: Brayo anamwaga chai kwenye shati lake jeupe, dada yake anacheka, "Umechoma!" Basi. Neno limeonekana kwa macho kabla halijawa na uzito. Likirudi jikoni, mama mkwe tayari analo.

Misimu ya Kiingereza ni rahisi zaidi, mradi usivunje sarufi. "Amenigosti" bado ina a-, -me- na -ni-. Mzee anasikia nani kamfanyia nani na kwamba limeshatendeka. Kinachokosekana ni kitendo chenyewe, nacho unampa hapo hapo: "Amenigosti. Simu hashiki, meseji hajibu." Ila ukibadilisha kitenzi, jina na kiungo katika mstari mmoja, umemnyang'anya kila ngazi ya kupandia. Neno geni moja kwa mstari, mimi sizidishi.

Na ukimjaribia mzee, tafadhali usimuulize "Umeelewa?" Atasema ndiyo, kwa adabu au kwa fahari yake. Simamisha picha, muulize, "Sasa Brayo amefanya nini?" Mimi ningeuliza hivyo kabla ya kurekodi, ningeokoa siku mbili za kurudia onyesho la jikoni. Mnaoandika peke yenu usiku na kusomea marafiki wa rika lenu, hili ni lenu. Marafiki hao hawawezi kukuambia usichokijua.

Tusijidanganye pia kwamba wazee hawana Sheng yao. Noti ya 500 waliiita jirongo, kwa sababu ya mwanasiasa Cyrus Jirongo, aliyehusishwa na noti hizo zilizogawiwa katika kampeni za uchaguzi wa 1992. Mpe baba wa Brayo neno hilo, halafu mwache kijana ndiye ababaike.

Kuna mistari siigusi kabisa. Brayo na dada yake wakipanga njama mezani mbele ya mama, nawaacha wapige Sheng nzito kuliko yote, bila kidokezo. Mama mezani haelewi, mama mkwe kwenye kochi haelewi, na wote wawili wanajua wanafichwa kitu.